Disaina anataka brifu ya jina jipya la duka: uandike nini

Swali: "Niko na duka la yunifomu za shule hapa Kisumu, miaka tisa sasa. Nusu ya mauzo ni Januari na Februari, lakini siku hizi naletewa oda za ovaroli, nguo za manesi na za walinzi, na jina la duka lina neno 'shule' ndani, refu kabisa, herufi 28. Nimeamua kubadilisha. Nikapata kijana disaina, akasema nimwandikie brifu. Nikaandika 'nataka jina zuri, la kisasa, la kuvutia, lionekane profesheno.' Akaleta majina arobaini, hakuna hata moja lilinikalia. Sasa anataka pesa ingine ndio arudie. Ni yeye hajui kazi ama ni mimi sijui kuandika?"

Jibu:

Dada, hebu toa yale majina arobaini, uweke kando ya ile sentensi yako, alafu uniambie ni jina gani hapo sentensi yako imekataa. Halipo. Kila moja linaeza kutetewa kuwa ni zuri, la kisasa na la kuvutia, na kijana akisema hivyo huna la kumjibu. Yeye alifanya venye aliambiwa. Wewe ulikuwa na sababu za kukataa lakini zilibaki kichwani, ukazitumia baadaye, na yeye hakuwa amezisikia.

Kwa hivyo mimi nikisoma brifu ya jina huwa nauliza kila sentensi swali moja tu: hii inaua jina gani? Kama haiui jina lolote naitoa. "Tunataka jina la kipekee" haiui kitu. "Jina lisizidi herufi kumi juu ndio lebo ya shingo inabeba" hiyo inaua nusu ya ile orodha yako kabla hata ya chai ya saa nne. Ukiandika sentensi kumi za aina hiyo kijana atalalamika kidogo kuwa umembana, lakini atakuletea majina machache ambayo mnaeza kukaa chini na kuyabishania.

Tuanze na wateja, juu hapo ndipo watu wengi wanapita mbio, wanaandika "wazazi na makampuni" wanasonga. Hiyo bado ni hewa. Kwa biashara ya nguo kama yako lazima utenganishe anayevaa, anayelipa na anayeamua, kwa sababu mara nyingi si mtu mmoja. Yunifomu anavaa mtoto, analipa mama, na rangi iliamuliwa na shule. Ovaroli anavaa fundi, analipa bosi, lakini mwenye kuchagua duka ni yule mtu wa stoo ambaye bosi alimwambia "tafuta mahali." Sasa jiulize jina la duka linatoka kwa nani kwenda kwa nani, na linapita kwa njia gani. Mama anampa mama mwenzake jina kwa mdomo, pale geti la shule ama ndani ya matatu ya Ahero, kelele kibao. Mtu wa stoo anampa mhasibu jina kwa maandishi, kwa LPO, ile karatasi ya oda, na mhasibu analiandika tena kwa malipo. Kwa hivyo una masharti mawili tayari: jina lisikike vizuri likisemwa mara moja tu, na lisipotezwe spelingi na mtu ambaye hajawahi kuliona. Jina linaeza kupita la kwanza likaanguka la pili. Haya majina ya kuandika kwa mbwembwe, k badala ya ch, z mbili mahali pa s, mdomoni ni matamu lakini mtu wa stoo atayaandika vibaya kila mwaka na utakuwa unarudishiwa karatasi.

Na uandike pia ni nani anashinda wakigongana. Nusu ya pesa yako inaingia miezi miwili ya kwanza na inatoka kwa akina mama. Oda za kazi zinakua lakini bado ndio zinakuja. Mimi ningeandika wazi: mama ndiye wa kwanza, mtu wa stoo asiogope. Maana yake ni kwamba tukipata jina ambalo mama analipenda na mtu wa stoo analiona ni sawa tu, linapita, lakini jina ambalo makampuni yatalipenda na mama aone duka limekuwa la bei juu, hilo limekufa. Usimwachie disaina aamue hiyo, atachagua upande wa makampuni kila wakati kwa sababu logo ya upande huo inapendeza zaidi kwa kazi zake za kuonyesha watu.

Lugha nayo. Kisumu si mji wa lugha moja na wewe unajua hiyo kuliko mimi. Ukisema jina liwe la Dholuo, sawa, lina joto na litakaa kwa mdomo wa mama wa Nyalenda vizuri sana, lakini kama unapeleka nguo Luanda, Kakamega na Mumias, kuna mtu atalisoma akaona duka si lake. Tena kuna mitego ya kuandikwa: "law" kwa Dholuo ni vazi, weka hiyo kwa bango uone wangapi wataingia kuuliza wakili yuko wapi. Kwa upande wa Kiswahili, "sare" ni neno sahihi kabisa la yunifomu na najua kati ya yale arobaini lilikuwemo mara kadhaa, lakini muulize kijana yeyote wa Kondele kitu cha sare ni nini, atakuambia ni cha bure. Januari yote utakuwa unaelezea watu kuwa hapana, mashati si ya bure.

Kisha sauti. Wateja wako wengi wamekulia kwa lugha ambayo haina z, sh wala v, na watu wazima wengi wakiongea haraka z na sh zinaangukia s. Hakuna aibu hapo, ndio midomo yetu, lakini jina lenye z na sh ndani litasemwa kivingine na kusikika kivingine, na mtu akienda kulitafuta kwa Google ama kwa WhatsApp ataandika alichosikia. Kwa brifu hiyo ni sentensi moja: jina lisitegemee z, sh wala v ili lieleweke. Ungekuwa Nakuru ningekuambia uchunge l na r, pia b na p. Kila mji na masikio yake.

Sasa toni, ambayo ndio ilikuangusha zaidi. Neno "profesheno" kwako huenda linamaanisha nguo imekunjwa vizuri na risiti inatoka, kwa kijana linamaanisha herufi nyembamba za kijivu. Toni haielezeki kwa maneno ya sifa. Njia rahisi ni kumpa disaina sentensi za ukweli zinazosemwa pale kaunta. Kaa siku moja uandike vile wewe na msichana wako wa duka mnaongea na watu, neno kwa neno. Labda kuna ile ya "chukua namba kubwa kidogo, atakua kabla ya Agosti." Labda "hii ikitoa rangi uirudishe, nitajua ni mimi." Hizo sentensi mbili zina toni kamili: mtu mzima, anajua watoto, hana haraka, anasimama na kazi yake. Kijana akizisoma ataona mwenyewe kuwa jina la kuchekesha halifai na jina la kifahari pia halifai, bila wewe kutaja.

Ongeza mipaka ya toni kwa jozi, lakini jozi zenye makali. "Wa nyumbani lakini si wa kitoto." "Imara lakini si ya kijeshi," hii ni muhimu kwako juu ya zile nguo za walinzi, usipoisema utaletewa majina ya ngao na simba. Na mpe majina mawili matatu ya maduka ama bidhaa unazozipenda, lakini yasiwe ya yunifomu, na useme sababu. Ukimpa ya washindani wako atakutengenezea ndugu yao.

Haya, mipaka ya vipimo. Hapa nitakaa kidogo juu ndio sehemu inayosahauliwa na ndio ina nguvu kuliko zote. Jina lako litaishi mahali kadhaa, na kila mahali pana kipimo chake. Toka na futi ya fundi upime.

Lebo ya shingo kwanza. Kama unatumia lebo ya kudarizi ya sentimita 5, ukitoa sehemu zinazokunjwa na kushonwa unabaki na kama 4 za kuandikia. Herufi ya uzi ikiwa na urefu chini ya milimita 5 inaanza kuziba, e inakuwa tone, a inakuwa tone. Herufi ya milimita 5 inakula karibu milimita 4 kwa upana pamoja na nafasi yake. Sentimita 4 gawanya na hapo, unapata herufi kumi. Hilo jina lako la sasa la herufi 28 linataka sentimita 11, ndio maana nina hakika lebo zako zimeandikwa kwa mistari mitatu na hakuna anayezisoma. Na lebo ndio tangazo lako la bei rahisi kuliko yote, mtoto amelivaa shingoni mwaka mzima.

Bango. Chukulia mbele ya duka ni mita 3. Acha nafasi pembeni, unabaki na mita 2 na nusu za maandishi. Herufi 28 kwa hapo, kila moja inapata sentimita 9 hivi kwa upana, urefu wake utakuwa kama 10. Mafundi wa mabango wana kipimo cha mkono, kwamba kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi zinakupa mita 3 za kusomeka vizuri. Herufi ya sentimita 10 kwa hivyo inasomeka vizuri mpaka mita 12, baada ya hapo inaanza kumpa mtu kazi. Jina la herufi 8 kwa bango hilohilo linaeza kwenda sentimita 30, likasomeka toka mita 36, yaani mtu akiwa ndani ya tuktuk ng'ambo ya barabara bado analiona. Hujaongeza hata shilingi kwa bango. Na kwa vile kaunti inatoza ada ya tangazo na mara nyingi saizi ya bango inaingia kwa hesabu, kuongeza bango ili jina refu litoshee ni gharama ya kila mwaka.

Meseji. Kama unatuma esemesi nyingi kwa pamoja, zile za "nguo ziko tayari, njoo uchukue," jina la mtumaji halizidi alama 11, na nafasi kati ya maneno inahesabiwa. Jina refu litakatwa ama mtalifupisha nyinyi wenyewe, na ukishalifupisha una majina mawili. Kwa tili ya M-Pesa pia, mteja anaangalia jina kabla pesa haijaenda, na jina likiwa tofauti na la bango ananyanyua kichwa anauliza "hii ni ya nani?" Hiyo sekunde ya wasiwasi, na foleni ya Januari iko nyuma yake, wewe unaijua.

Kwa hivyo kipimo kinachobana zaidi ni lebo, herufi kumi. Hicho ndicho kinaingia kwa brifu, vingine vyote vinatosha ndani yake.

Mipaka ya sheria haitaki maneno mengi lakini usiiruke. Jina la biashara linasajiliwa na BRS kupitia eCitizen, na pale unatafuta kama liko wazi kabla ya kulipenda sana. Yanayofanana mno na yaliyopo yanakataliwa, yanayofanya watu wadhani ni ya serikali yanataka ruhusa, na "Limited" huwezi kuweka kama hujasajili kampuni. Watu wengi wakishapata ile cheti wanalala, wakidhani jina sasa ni lao peke yao. Usajili wa jina la biashara haukupi umiliki wa alama. Hiyo ni kazi ya KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara: nguo ziko darasa la 25 na huduma za duka darasa la 35, ikikubaliwa inadumu miaka 10 alafu unahuisha. Hili linarudi kwa brifu moja kwa moja: sheria ya alama za biashara inakuwa ngumu kwa jina linaloeleza tu bidhaa, kwa jina la mahali, na kwa jina la ukoo. Yaani "Yunifomu Kisumu" ama ukoo wako mbele ya neno "mavazi" unaeza kuvisajili BRS ukauza miaka ishirini, lakini siku jirani akifungua lingine la kufanana utakuwa na kazi ya kumzuia. Kama unataka siku moja lebo yako iuzwe kwa maduka ya watu wengine, andika kwa brifu kuwa jina lisiwe la mahali, la ukoo, wala la kutaja bidhaa. Kama hutaki, pia andika, kazi ya kijana itakuwa rahisi zaidi.

Na kuna mpaka mmoja wa biashara yako wewe ambao disaina hawezi kuujua: nguo zako zina beji za shule. Jina na alama yako vitakaa sentimita chache kutoka kwa beji ya mtu. Kwa hivyo hakuna ngao, hakuna mwenge, hakuna kitabu kilichofunguliwa, na rangi isiwe ya shule yoyote kubwa unayoishonea, mwalimu mkuu wa shule ya pili ataona umechukua upande.

Nikiweka yote pamoja brifu yako ingekuwa hivi, rekebisha palipo na uongo:

> Duka linauza yunifomu za shule kwa miaka tisa, na sasa pia nguo za kazi: ovaroli, manesi, walinzi. Jina la sasa linataja shule na lina herufi 28. Tunalibadilisha kwa sababu hizo mbili. Duka halihami, namba ya simu na tili hazibadiliki.
>
> Mteja wa kwanza ni mama mwenye watoto wawili watatu shuleni, anakuja Januari, ana orodha ya shule mkononi na pesa iliyohesabiwa. Anasema jina letu kwa mdomo, kwa Kiswahili, Dholuo au Kiluhya. Wa pili ni mtu wa stoo wa hospitali, hoteli au kampuni ya ulinzi. Yeye analiandika kwa LPO. Wakigongana mama anashinda, lakini mtu wa stoo asilione la kitoto.
>
> Tunaongea hivi dukani: "Chukua namba kubwa kidogo, atakua kabla ya Agosti." "Hii ikitoa rangi uirudishe." Jina liwe la mtu anayeongea hivyo. Wa nyumbani, si wa kitoto. Imara, si ya kijeshi. Bei ya kawaida, si ya mitumba na si ya butiki.
>
> Herufi zisizidi 10 pamoja na nafasi, juu ya lebo ya shingo. Lisomwe sawa na mtu asiyelijua. Lisitegemee z, sh wala v. Lisitaje shule, mtoto, ziwa, Kisumu, wala jina la mtu. Lisiwe neno lenye maana ya pili ya matusi au mzaha kwa Sheng, Dholuo au Kiluhya, uliza watu watatu kabla ya kuniletea.
>
> Awamu ya kwanza: majina 12, yameandikwa kwa herufi nyeusi za kawaida, fonti moja, bila logo. Kando ya kila jina sentensi moja, na useme umelitafuta BRS au bado. Mimi na keshia wangu tutachagua 3 ndani ya wiki moja na kukuambia kwa maandishi kwa nini yale 9 yamekufa. Awamu ya pili: majina 5 mapya, kama yale 3 hayajatosha. Logo inaanza baada ya jina kusajiliwa.

Ni ukurasa mmoja. Ikipita hapo hataisoma, atasoma juu na chini.

Nimeweka ziwa kwa marufuku makusudi. Hapa kila kitu ni ziwa, machweo na samaki, kuanzia hoteli mpaka kinyozi, na kijana wa kwanza kumpa kazi ya jina Kisumu atakuletea ziwa kabla hujakaa. Ukilipenda rudisha, lakini basi uwe umelichagua wewe.

Ile ya herufi nyeusi bila logo usiiachilie hata akikuomba. Jina baya lililochorwa vizuri linashinda jina zuri lililochorwa vibaya, kila mara, na baadaye unabaki na mchoro uliokuwa unapenda na jina ambalo hakuna anayelikumbuka. Pia ndio maana kazi ya jina na kazi ya logo zilipwe mbali mbali. Na hapa kuna swali lingine unafaa kumuuliza bila kumvunjia heshima: ashawahi kutafuta jina, ama anachora tu? Madisaina wengi wazuri hawajui kutunga majina, si lazima wajue. Kama hajui, tunga wewe na keshia na brifu hii mkononi, alafu umlipe yeye kwa ile anajua.

Majina matatu yakibaki, usiyapeleke kwa grupu ya familia. Watu ishirini watapigia kura lile linalofanana na kitu wanachokijua tayari. Yapime yafanye kazi. Mpigie mtu wa boda unayemjua akiwa stejini, mwambie jina mara moja tu, umwombe akutumie kwa meseji vile amesikia. Fanya hivyo na mama mmoja wa Kibuye Jumapili soko likiwa limejaa, na mtu mmoja wa Vihiga, na mhasibu wa mahali unapopeleka oda. Wakileta spelingi tatu tofauti jina hilo limeanguka, hata kama unalipenda. Baada ya siku tatu nne, wapigie walewale uwaulize jina lilikuwa gani. Wasipokumbuka huo ni ushahidi pia, lakini mimi nauhesabu nusu, juu watu hawakumbuki kitu wasichonunua.

Kuhusu pesa anayodai: yale arobaini alifanya kwa brifu uliyompa, kwa hivyo mlipe awamu hiyo yote mlivyokubaliana, alafu hii brifu mpya iwe kazi mpya yenye bei yake, nusu mwanzo nusu ukisajili jina. Akikataa kuandikiana awamu ngapi, tafuta mwingine. Kwa upande wa logo, sheria ya hakimiliki ya 2001 inasema kazi uliyoagiza ukalipia haki yake inahamia kwako, isipokuwa mmekubaliana tofauti, lakini haki bila faili haikusaidii kitu, kwa hivyo iandikwe kuwa atakupa faili ya vekta, ile inayokuzwa bila kuharibika, na si picha ya WhatsApp tu. Fundi wa kudarizi ataitaka.

Na uangalie kalenda. Lebo lazima zifike kabla hujaanza kushona mzigo wa Januari, kwa hivyo jina liwe limesajiliwa kabla ya shule kufunga muhula wa tatu. Ukiona Oktoba imeingia na bado mnabishana, acha Januari hiyo ipite na jina la zamani, ubadilishe Machi kukiwa kimya. Ukibadilisha, jina la zamani likae kwa bango chini ya jipya, dogo, Januari moja nzima, na barua iende kwa kila shule na kila mtu wa stoo ikisema jina jipya, tili ileile, na nakala ya cheti cha BRS, la sivyo mhasibu fulani atashikilia malipo yako akisema hiyo kampuni haimjui.